Zamu ya Plau

Watu wakimwona mtu ana mguu mbovu humtafutia kazi ya mikono. Sijui ni nani aliyewafundisha hesabu hiyo. Tangu utotoni nimeletewa sindano, uzi, ukindu na mbegu za maua, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama mikono yangu inajua kitu. Mikono yangu haijui kitu. Nikisuka kikapu, maharagwe yanapita chini. Nilichokuwa nacho tangu mwanzo ni mdomo, na masikio ya kuulisha huo mdomo, lakini mdomo wa mwanamke kwetu ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa pili, juu ya ule wa mguu.

Mguu wenyewe ulivunjikia Kitale. Baba alikuwa mwendesha maksai katika shamba la mzungu mmoja, na sisi tuliishi kwenye vibanda vya wafanyakazi ng'ambo ya mto. Nilikuwa na miaka tisa hivi siku nyapara aliponiambia nikae juu ya magunia ya mahindi garini niyashike yasianguke. Nilikaa. Gari lilipoteremka kwenda kivukoni, gurudumu likapanda jiwe, nikaanguka mimi pamoja na gunia, na gurudumu la nyuma likapita juu ya paja langu. Mfupa uliungwa ovyo na tangu hapo nikawa mtu wa fimbo, wa kutoka kitandani hadi mlangoni, na siku nzuri hadi chooni bila kushikwa. Mzungu alimpa baba mfuko wa unga na blanketi. Baba akasema asante. Nilimpenda baba yangu, lakini ile asante sijamsamehe mpaka leo.

Tena wanawake wa kanisa wakija kuniona walikuwa wakiniimbia methali ileile: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nilimsikia mkuu. Mkuu alisema kaa juu ya magunia, nikakaa. Ningemkaidi ningekuwa natembea.

Kwa kuwa shule ilikuwa mbali na mguu haukufika, nilikaa na baba penye nira na minyororo. Huko nilijifunza mambo ya maksai kuliko wanaume wengi waliokuja baadaye kunicheka. Maksai aliyezoea kuvuta upande wa kulia ukimfunga kushoto anasimama tu, na hata umpige atakutazama kama mjinga. Mwepesi ukimfunga na mzito, plau inakwenda mshazari na mlimaji anarudi nyumbani na mgongo umeteguka. Na wafanyakazi walipokuja kumngoja baba, niliwauliza kwao ni wapi, mama yao alitoka ukoo gani, dada zao wameolewa wapi. Walijibu, kwa sababu mtoto kilema hakuna anayemwogopa. Mwinjilisti mmoja wa palepale shambani ndiye aliyenifundisha kusoma.

Baada ya vita baba akawa mzee, mzungu akamwambia aende kwao, tukarudi upande wa Matulo. Baba alikuja na plau yake moja na maksai wawili, basi, hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya miaka yake yote. Kabla hajafa aliita wazee wawili wa ukoo. Akasema mbele yao, na mbele ya ndugu yangu mdogo, kwamba shamba, plau na ng'ombe ni vya ndugu yangu, lakini kile kinyumba cha mbele kilicho karibu na barabara ni changu mpaka nife, kwa kuwa mimi sikuolewa na sikuwa na mahali pengine. Ndugu yangu akaitikia kwa kichwa. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja na kibaraza. Ila kilikuwa kibaraza changu, na kila mtu aliyekwenda kusaga mahindi au sokoni alipita mbele yake.

Hapo ndipo watu walipoanza kunitafutia riziki. Mama mmoja wa misheni akaniletea uzi wa kufumia vitambaa vya meza. Nilifuma vitano, vyote vimepinda, halafu nikamwuliza ni nani hapa Matulo mwenye meza. Ikaja zamu ya kuku. Kuku wanataka mtu wa kumkimbiza mwewe, na mwewe aliniona vizuri, akajua mapema kwamba mimi ni wa kupiga kelele tu. Wa tatu walikuwa ndugu yangu na akina mama wa kanisa, wamechanga, wamekuja na nyimbo na sala, wamebeba cherehani. Cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Waliiweka mbele yangu, wakapiga makofi, wakangoja nifurahi. Nikatazama kile chuma cha kukanyagia, nikatazama mguu wangu, nikawatazama wao. Hakuna aliyeona. Nilisema asante kama baba yangu, na kwa miaka yote iliyofuata niliweka unga juu ya ile cherehani.

Kazi yangu ya kweli ilijileta yenyewe. Wapita njia walipumzika kibarazani, nami niliwapa maji ya kunywa na maneno. Mwaka mmoja, mwezi wa pili, watu wakiwa wanatayarisha mashamba kabla ya mvua, alikaa mtu akalalamika kwamba ana plau lakini maksai wake wawili kati ya wanne wamekufa. Jioni akakaa mwingine ana maksai wawili wa kunenepa tu, hana plau. Wote wawili walikuwa wakilalamika kwangu, na nyumba zao hazikuachana hata mwendo wa kuchemsha chai. Udongo wa kwetu ukipasuliwa kwa mara ya kwanza unataka maksai wanne, na wenye wanne walikuwa wachache. Nikamtuma mtu kwa huyu, nikamtuma mtu kwa yule, wakakutana kibarazani kwangu, na juma lile mashamba mawili yakalimwa.

Msimu uliofuata walikuja bila kuitwa. Mwenye plau alikuja kusema plau yake iko tayari, mwenye maksai naye, mwenye shamba naye. Nikatundika kamba ukutani, kila plau na kamba yake, na kila shamba lililopangiwa plau hiyo likawa fundo moja, limefungiwa kipande cha nguo cha kulitambulisha. Nilijua kuandika, lakini wengi wao hawakujua kusoma, na mtu hugombana kidogo akiliona fundo lake kwa macho. Lililolimwa nililifungua mbele ya watu. Baada ya mavuno mwenye plau aliniletea debe la mahindi kwa kila shamba, na mwenye shamba akaleta kuku au maharagwe. Kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa nilikula chakula ambacho hakuna aliyenikumbusha kwamba amenipa.

Ila kazi haikuwa ile kamba. Kabla sijafunga fundo nilikuwa nauliza maswali matatu. Maksai ni wa nani, na kila mmoja amezoea upande gani? Nani atashika plau? Na nani atapanda nyuma? Hilo la tatu liliwachekesha wanaume, ati mwanamke anataka kujua hata mbegu inamwagwa na nani. Niliwaacha wacheke. Plau ikipasua ardhi mwanamke hufuata nyuma na kikapu cha mbegu, anadondosha ndani ya mstari, hatua chache tu kutoka kwa mshika plau, kutwa nzima. Na kwetu kuna watu ambao hawawezi kuwa hatua chache. Mkwe wa kiume na mama mkwe wake hawakutani uso kwa uso, hawapishani njiani, mmoja akimwona mwenzake anaingia kichakani. Kuna koo ambazo zina damu kati yao tangu enzi za mababu. Kuna nyumba yenye matanga ambako jembe haligusi ardhi mpaka siku ziishe. Haya yote nilikuwa nayo kichwani kwa sababu niliuliza, na watu waliniambia kwa sababu niliwasikiliza mpaka mwisho. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara. Watu wa kuuza masikio ni wachache kuliko wa kuuza sukari.

Ndugu yangu aliita kazi hiyo umbea. Alipita mbele ya kibaraza bila salamu, akawaambia wenzake dada yake anakaa na wanaume kutwa nzima kupanga ng'ombe, kana kwamba ng'ombe ni mambo ya wanawake. Alisema hivyo misimu miwili. Msimu wa tatu alihesabu madebe. Akaacha kusema umbea, akaanza kukaa nasi, anakohoa, anatikisa kichwa, anasema "ndiyo, tutakupangia" kwa watu ambao mimi nilikuwa nimeshawapangia.

Halafu siku moja, mahindi yameshavunwa, akaja na mkewe na vijana wawili wa kubeba vitu. Akasema anataka kufungua duka pale mbele, la chumvi, sukari na mafuta ya taa, maana barabara inapotea bure. Mimi nitahamia nyuma karibu na zizi, kuna jiko la zamani, litapakwa udongo. Nikamwuliza kuhusu maneno ya baba.

"Si bado uko kwa boma ya baba?" akasema. "Huko nyuma iko na kivuli. Wewe mguu yako haina haraka ya kwenda mahali, dada."

Niliwaita wale wazee wawili. Mmoja alikuwa ameshakufa. Wa pili alikuja, akakaa, akanywa chai ya ndugu yangu yenye sukari ya duka ambalo lilikuwa bado halijafunguliwa, akasema mambo ya nyumbani yamalizwe nyumbani. Niligonga sakafu kwa fimbo, nikasema sitoki. Walinibeba. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote: siwezi hata kukataa kwa kusimama mlangoni, mtu ananiinua tu kama gunia. Na ndugu yangu akazitoa zile kamba kwenye misumari kwa uangalifu mkubwa, akazitundika ndani ya duka lake.

Nikakaa nyuma. Nilikuwa naona mkia wa ng'ombe na ukuta. Hakuna aliyepita, kwa kuwa hakuna njia inayopita kwenye zizi la mtu. Niligundua jambo ambalo hata mimi sikuwa nimelifikiria: mtu asiyeweza kuwafuata watu, riziki yake yote iko mahali watu wanapopita. Ukimwondoa hapo hujamhamisha, umemfukuza kazi. Wengine walidhani nalilia nyumba. Nyumba gani, chumba kimoja cha udongo? Nilikuwa nalilia barabara.

Mvua ikakaribia. Ndugu yangu ana miguu mizuri, alizunguka kila mahali, mpaka Sirisia, akirudi na mafundo mapya. Alifunga mafundo mengi kuliko niliyowahi kufunga mimi, maana hakuuliza swali hata moja. Alipanga kamba vizuri sana.

Asubuhi moja ya wiki ya kupanda akapeleka plau kwa mjane mmoja wa huku kwetu. Maksai wawili walikuwa wa ndugu yangu, wawili wa mtu wa upande wa Kapsokwony aliyewaazima kwa msimu. Wa kushika plau alikuwa kijana hodari aliyemwajiri huko Sirisia, bila kumwuliza ameoa wapi. Alikuwa ameoa binti wa mjane huyohuyo, miezi michache iliyopita, binti akamfuata mumewe kwao, na kijana alikuwa hajawahi kufika kwa mama mkwe kwa njia ile ya shambani. Ukungu ulikuwa mzito. Alifunga nira, akaanza mstari wa kwanza. Mjane akatoka na kikapu cha mbegu kiunoni, akafuata nyuma ya plau kama kawaida. Mwisho wa shamba kijana akageuza maksai, wakatazamana.

Walioshuhudia walisema mjane alijifunika kanga usoni akaketi palepale kwenye udongo, mbegu zikamwagika. Kijana aliachia mishikio akakimbia, hakuchukua hata koti lake. Maksai wanne waliobaki na plau inayojiburuta waliingia kwenye migomba ya jirani, na huko ncha ya plau ikamkata kwato mmoja wa maksai wa Kapsokwony. Mwenye ng'ombe alipopata habari alikuja kuchukua wanyama wake kesho yake, mmoja akichechemea, na alipopita dukani alitema mate chini. Wenye plau wengine walisikia. Ikawa kila mtu anauliza kabla ya kutoa kitu: na huko kuna nani? Na ndugu yangu hakujua huko kuna nani. Waswahili husema heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Mimi nilikuwa nimeshajikwaa guu kwa ajili ya nyumba yote, hiyo ya pili ilikuwa yake.

Sikufurahi. Watu wanafikiri nilifurahi. Mjane yule hakutoka nje siku nyingi, wazee wakawa wanakwenda na kurudi kati ya nyumba mbili kutafuta jinsi ya kuisafisha aibu ile, na yeye akanitumia mtu na maneno machache tu: kama ningekuwa mimi kibarazani, nisingemtendea hivyo. Niliyabeba maneno hayo usiku na mchana. Nilikuwa nimeshajua ndoa ile. Nilijua tangu siku mahari ilipopitishwa barabarani mbele yangu.

Mvua ikaanza kunyesha na mashamba hayajalimwa. Ndipo watu wakaanza kupita katikati ya boma la ndugu yangu, mbele ya mke wake anayepepeta mahindi, mpaka kwangu zizini. Mwanzoni mmoja mmoja, halafu wenye plau wanne kwa pamoja. Sijidanganyi kwamba walikuja kwa haki yangu. Ningebebwa mara kumi kama gunia wasingepepesa jicho. Walikuja kwa sababu mvua ilikuwa inaanguka kwenye majani. Ndugu yangu akaja nyuma yao, amevaa koti la kanisani.

"Dada, tufanye hii kazi pamoja," akasema. "Wewe utaongea na watu, mimi nitakuwa mkubwa yake. Hata hii kamba nimekuletea."

Alikuwa amezishika mkononi kamba zote, zimejaa mafundo yake. Nilizitazama na hasira ikanipanda mpaka nikacheka.

"Kaa na kamba," nikamwambia. "Hiyo ni katani tu, funga nayo mbuzi. Toa sukari yako kwa nyumba yangu."

Akasema tutazungumza jioni. Mmoja wa wenye plau, mtu mkimya ambaye sikuwahi kumsikia akisema maneno kumi mfululizo, akasema hakuna jioni, plau yake haitoki mpaka huyu mama akae barabarani. Wengine wakasema hata zao. Yule mzee wa ukoo aliyekunywa chai naye alikuwa na shamba halijalimwa. Aliitwa, na ghafla akayakumbuka maneno ya baba yote, neno kwa neno, hata yale ambayo mimi nilikuwa nimeyasahau.

Duka lilihamishwa siku ileile. Sikukubali kubebwa. Ilinichukua muda mrefu, kwa fimbo na kwa kushika ukuta, kutoka zizini hadi mbele, na wote walisimama wakingoja, na mvua ilikuwa inawanyeshea, na sikuharakisha.

Jumapili iliyofuata mhubiri alisimama akasema Mungu alimnyima dada yetu mguu akampa ulimi. Watu wakaitikia amina. Niliambiwa na jirani, kwa maana kanisa ni mbali na mguu haufiki. Nilimwambia akamwambie mhubiri kwamba Mungu hakubadilishana nami kitu. Mguu ulivunjwa na gari la mzungu na amri ya nyapara, na ulimi nilizaliwa nao kama yeye, isipokuwa mimi niliufanyia kazi.

Tulilima mpaka tukawahi msimu, nusu kwa bahati. Yule mjane nilimpangia plau yenye mshikaji mtu mzima wa ukoo wake mwenyewe, na nikamwomba jirani wa kike afuate na mbegu mpaka yeye awe tayari kutoka. Alitoka siku ya pili.

Ndugu yangu hakuniomba radhi. Alikuwa na plau ya baba, na maksai wawili tu, na shamba kubwa kuliko yetu sote, na hakuna aliyetaka kumwazima wawili wengine. Akavumilia siku nne. Siku ya tano asubuhi alitoka kwake, akazunguka nje hadi barabarani ili aje kwangu kwa mbele kama watu wengine, akasimama chini ya kibaraza na kofia mkononi. Akauliza kama kuna maksai.

Nikamwuliza maswali matatu. Alijibu yote, la tatu kwa sauti ndogo.

"Wako," nikasema. "Kaa hapo kwa benchi. Kuna watu watatu mbele yako."

Akatazama benchi, akatazama nyumba yake pale nyuma, hatua zisizofika mia, na miguu yake miwili mizima. Akakaa. Nilimhudumia wa kwanza, nikamhudumia wa pili, nikamwuliza wa tatu habari za mama yake, na za dada yake, na za ng'ombe wake mmoja mmoja, mpaka jua likawa utosini.